Kuchapa matriksi na sehemu kutoka kwenye picha ya hesabu, mstari kwa mstari

Nina stesheneri ndogo Majengo, hapa Moshi. Kuna mwalimu wa tuisheni ambaye kila Jumamosi jioni, akishamaliza kufundisha hisabati kidato cha nne, hunitumia picha za ubao niwachapie wanafunzi wake kwenye kundi la WhatsApp. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini asitume zile picha zenyewe yakaisha. Akanijibu kwamba wengine wanakaa Kibosho na Uru, bando lao ni la kuungaunga, na hata picha ikifika, mtu akiivuta aone namba vizuri inageuka ukungu. Maandishi hayali bando, na mwanafunzi anaweza kunakili mstari mmoja akauliza, "Mwalimu, hapa umetoaje?"

Kazi ya kwanza ilikuwa matriksi ya mbili kwa mbili. Nikaiona rahisi. Nikachapa hivi, nikatuma:

```
A = 4 -7
2 -3
```

Hazikupita dakika kumi, binti mmoja akaandika: "Dada, kwa hiyo A ni -3 na -1? Mbona mwalimu alisema ni mbili kwa mbili?" Nikafungua simu yangu nione alichokiona. Nafasi moja niliyoiacha kati ya 4 na -7 ilikuwa nyembamba kama uzi, na hakukuwa na bano hata moja. Yeye alisoma 4 toa 7, halafu 2 toa 3. Kwa alichokiona, alikuwa sahihi kabisa.

Tangu siku hiyo nimejitengenezea utaratibu, na ndio ninaouandika hapa. Nitaufuata na swali lile lile la mwalimu mwanzo hadi mwisho: kutafuta matriksi kinyume ya A. Nimelichagua kwa sababu lina matatizo yote mahali pamoja. Kuna matriksi tupu, kuna sehemu ndefu inayosimama mbele ya matriksi, na mwishoni kuna sehemu zilizoingia ndani ya mabano yenyewe.

Soma picha kwanza, kibodi baadaye

Usianze kuchapa huku ukiangalia picha kwa jicho moja. Chukua karatasi uandike mambo matatu: matriksi ni ngapi, kila moja ina safumlalo ngapi na safuwima ngapi, na mabano yake ni ya aina gani. Aina ya mabano si urembo. Mabano ya mviringo na ya mraba yote yanaonyesha matriksi, lakini vistari viwili vilivyosimama, `|A|`, vinaonyesha ditaminanti, na hiyo ni namba moja. Ukimwekea mwanafunzi vistari vilivyosimama mahali pa mabano, umembadilishia swali.

Mwalimu wangu huandika matriksi kwa mabano ya mviringo. Mimi nachapa ya mraba na nilimwambia mapema, akakubali. Sababu ni kwamba mabano ya mviringo nayahitaji kwa kazi nyingine, kama (x + 1) au (-7)(2), na yakirundikana ya aina moja mstari mmoja macho yanachoka kutafuta lipi ni la nani.

Kisha nenda kwenye namba zinazotatanisha. Chaki ina tabia zake. 1 na 7 za mwalimu wangu ni ndugu wa tumbo moja, alama ya hasi inaweza kuwa mkwaruzo wa ubao, na kistari cha sehemu kikiwa kifupi kinafanana na alama ya kutoa. Katika picha hii, pale juu kulia mwa A, sikujua kama ni -7 au -1. Badala ya kukisia, tafuta ushahidi ndani ya picha yenyewe. Mistari miwili chini, mwalimu ameandika 1 juu ya 2 mbele ya matriksi. Maana yake ditaminanti ni 2. Nikajaribu na -7: (4)(-3) - (-7)(2) ni -12 + 14, sawa na 2. Nikajaribu na -1: -12 + 2, sawa na -10. Ni -7, basi. Hesabu iliyokwisha kufanywa ubaoni huwa inajithibitisha yenyewe, na mchapaji anayejua kuzidisha na kutoa tu anaweza kuitumia hivyo bila kumsumbua mwalimu usiku. Ila ushahidi ukikosekana, piga simu. Usichague unayoipenda.

Mahali pa kuchapia

Usichapie ndani ya WhatsApp, na usichapie Word. Word ina bidii isiyoombwa: ukiandika 1/2 inakubadilishia kuwa alama moja ndogo, na kistari cha kutoa inaweza kukirefusha bila kukuuliza. Kwa karatasi ya mtihani itakayochapishwa, Word ni sawa, maana ina kihariri chake cha hesabu (bonyeza `Alt` na `=`). Hapa lakini tunataka maandishi matupu yatakayosafiri.

Fungua Notepad, uzime Word Wrap, na uhakikishe fonti ni ya upana sawa, kama `Consolas` au `Courier New`. Upana sawa maana yake herufi i, herufi m, kistari na nafasi tupu vyote vinakaa kwenye chumba cha ukubwa mmoja. Kwa fonti za kawaida, i ni nyembamba na m ni pana, kwa hiyo herufi tano za mstari wa juu haziwezi kukaa sawasawa juu ya herufi tano za mstari wa chini. Mpangilio wote ninaoueleza hapa umesimama juu ya jambo hilo moja.

Nafasi ziandike kwa kitufe cha nafasi peke yake. Kitufe cha Tab kikae mbali. Nafasi ya Tab kwenye kompyuta yako ina upana mmoja na kwenye simu ya mwenzako ina mwingine, na matriksi yako itafika imepinda kama bati lililopigwa na upepo.

Matriksi tupu

Jambo la kwanza kuamua ni mstari wa kati. Huo ndio mstari unaobeba jina la matriksi na alama ya sawa. Matriksi ya safumlalo mbili haina mstari wa kati, kwa hiyo nauongeza: naacha mstari mtupu katikati, lakini nao naufungia kwenye mabano yake.

```
    [ 4  -7 ]
A = [       ]
    [ 2  -3 ]
```

Tazama vizuri, maana mambo manne yamefanyika hapa. Kila mstari una bano la kufungua na bano la kufunga, hata ule mtupu. Kati ya safuwima moja na nyingine kuna nafasi mbili au zaidi, lakini alama ya hasi imegandamana na namba yake bila nafasi. Hiyo ndiyo dawa ya lile kosa la yule binti: hasi iliyogandamana na namba ni ishara ya namba, na kistari chenye nafasi pande zote mbili ni kutoa. Tatu, namba za safuwima moja zimepangwa kulia, 7 juu ya 3, na alama za hasi zikatokeza kushoto. Na nne, jina la A limekaa mstari wa kati tu, huku mistari mingine ikianza na nafasi nne, sawasawa na urefu wa `A = `.

Kuna watu huchora bano kubwa kwa mikwaju, hivi:

```
/ 4  -7 \
|       |
\ 2  -3 /
```

Linapendeza ukiwa mbali. Lakini kile kistari kilichosimama katikati kinafanana na ditaminanti, na mkwaju wa mwanzo unafanana na alama ya kugawanya. Siutumii. Zipo pia herufi maalumu za vipande vya mabano makubwa, ⎡ ⎢ ⎣ na wenzake ⎤ ⎥ ⎦. Kwenye kompyuta yangu zinaungana vizuri, lakini simu isiyo na herufi hizo kwenye fonti yake humwonyesha msomaji viboksi vitupu. Bano la kawaida linafika kila mahali.

Sasa ukaguzi. Chini ya dirisha la Notepad kuna maandishi yanayoonyesha `Ln` na `Col`, yaani uko mstari wa ngapi na chumba cha ngapi. Peleka kishale mwisho wa kila mstari, baada tu ya bano la kufunga, usome `Col`. Kwa matriksi hii yote mitatu lazima isome 14. Mmoja ukisoma 13 au 15, kuna nafasi umeila au umeizidisha, na umeshajua ni mstari upi.

Sehemu inayosimama mbele ya matriksi

Hatua inayofuata ubaoni ni matriksi kinyume. Mwalimu ameandika 1 juu, kistari, na chini yake ditaminanti yote ikiwa haijakokotolewa, halafu pembeni matriksi iliyobadilishwa nafasi.

Kwa sehemu ninayo kanuni moja ya urefu wa kistari: pima kiasi, pima asili, chukua kilicho kirefu, ongeza mbili. Asili hapa ni `(4)(-3) - (-7)(2)`. Ihesabu pamoja na nafasi zake, ni herufi 17. Kistari basi ni vistari 19 mfululizo. Zile mbili za ziada zinakitokeza kistari huku na huku ili msomaji aone wazi kinapoanzia na kinapoishia. Katika sehemu iliyorundikwa kistari ndicho bano: chochote kilicho juu yake ni kiasi kizima, chochote kilicho chini yake ni asili nzima. Kikiwa kifupi, kinachobaki nje kinasomeka kama hakimo.

Kanuni hiyo inasaidia jambo lingine pia. Kistari cha sehemu hakiwezi kamwe kuwa kifupi kuliko vistari vitatu, kwa hiyo hakichanganyiki na hasi, ambayo siku zote ni kimoja.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa hili:

```
                1          [ -3  7 ]
A^-1 = ------------------- [       ]
        (4)(-3) - (-7)(2)  [ -2  4 ]
```

Kwa kompyuta limekaa vizuri. Lakini lina herufi 36 kwa upana, na simu yangu ikisimama wima inabeba kama 30 kwenye ujumbe wa WhatsApp. Zinazozidi zinadondoka mstari wa chini, na kinachodondoka ni bano la kufunga pamoja na safuwima ya mwisho. Mwanafunzi anaona mabano yasiyo na mwenza na namba zinazoelea. Hakuna kinachoudhi kama hicho, kwa sababu wewe uliyetuma kwenye kompyuta huoni kosa lolote.

Kishawishi hapo ni kufupisha: kuandika `2` moja kwa moja mahali pa asili ndefu. Usifanye hivyo. Hiyo ni hatua ya mwalimu inayofuata, na mwanafunzi anahitaji kuona 2 ilikotoka. Kinachohamishwa ni jina tu. Liweke juu peke yake, sehemu ianze ukingoni kabisa:

```
A^-1 =

         1          [ -3  7 ]
------------------- [       ]
 (4)(-3) - (-7)(2)  [ -2  4 ]
```

Sasa upana ni 29. Kistari cha sehemu kimekaa kwenye mstari wa kati wa matriksi, mahali ambapo jicho linategemea kukikuta. 1 imekaa chumba cha 10, katikati ya vistari 19, vyumba tisa kila upande.

Hatua baada ya hiyo ni fupi na inarudi mstari mmoja na jina lake:

```
        1  [ -3  7 ]
A^-1 = --- [       ]
        2  [ -2  4 ]
```

Kuhusu alama ya `^`: inasimama badala ya kupandisha namba juu. Wengine huandika -1 kwenye mstari wa juu, kidogo kulia mwa A. Kwenye hesabu yenye mistari mitano au saba ile -1 inajichanganya na namba za matriksi, hasa matriksi ikiwa na -1 yake mwenyewe ndani, kama itakavyotokea sasa hivi.

Sehemu zikiingia ndani ya mabano

Hapa ndipo niliharibu mara nyingi kuliko kwingine kote, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Jibu la mwisho la mwalimu lina -3 juu ya 2, halafu 7 juu ya 2, na safumlalo ya pili ina namba nzima mbili, -1 na 2. Nilichofanya mwanzo ni kuipa safumlalo ya kwanza mistari mitatu kwa sababu ina sehemu, na ya pili mstari mmoja kwa sababu haina:

```
       [  -3     7  ]
       [ ----   --- ]
A^-1 = [   2     2  ]
       [            ]
       [  -1     2  ]
```

Mabano yote yana wenza. Kila mstari una urefu sawa. Na bado ni mbovu. Mistari ni mitano, ya katikati ni wa tatu, na huo wa tatu ndio wenye asili za sehemu. Soma ule mstari peke yake uone ulichomwandikia mwanafunzi: A kinyume ni sawa na 2 na 2. Kijana mmoja wa Pasua alininakilia kwenye daftari hivyo hivyo.

Dawa ni kuzipa safumlalo zote kimo kimoja. Safumlalo moja ikiwa na sehemu hata moja, zote zinapata mistari mitatu, na namba nzima inakaa mstari wa katikati wa mitatu yake, usawa wa pale ambapo kistari kingekaa. Mbili kwa mbili inakuwa mistari mitatu, mmoja mtupu, na mitatu tena. Saba. Wa kati ni ule mtupu, na alama ya sawa inakaa pale bila kumgusa mtu:

```
       [  -3     7  ]
       [ ----   --- ]
       [   2     2  ]
A^-1 = [            ]
       [            ]
       [  -1     2  ]
       [            ]
```

Usiufute ule mstari mtupu wa mwisho kwa kuona hauna kazi. Ukiufuta, inabaki sita, na mstari wa kati unapotea.

Namna ya kuijenga bila kuumiza kichwa ni hii. Anza na mstari mpana kuliko yote, ambao siku zote ni ule wenye vistari vya sehemu. -3 ina herufi mbili, kwa hiyo kistari chake ni vinne. 7 ina moja, kistari ni vitatu. Kati yao acha nafasi tatu, si mbili, kwa sababu vistari viwili vikikaribiana vinaonekana kama kistari kimoja kirefu kilichokatika. Andika `[ ----   --- ]` na uhesabu: ni 14. Unakili mstari huo mara saba. Kisha shuka kila mstari ukifuta kistari kimoja na kuweka herufi moja au nafasi moja mahali pake, moja kwa moja, bila kuongeza wala kupunguza. Mabano ya mwisho hayatahama hata chumba kimoja, maana hujayagusa. Nafasi saba za mbele, na `A^-1 = ` kwenye mstari wa nne, ziweke mwishoni kabisa. Ukisoma `Col` mwisho wa kila mstari utakuta 22 mara saba.

Jambo dogo kuhusu ile -3: hasi yake ni ya kiasi, na 2 ya chini nimeiweka chini ya tarakimu 3, si chini ya hasi. Mwalimu akiwa ameandika hasi pembeni ya kistari, mbele ya sehemu nzima, thamani ni ile ile. Lakini kwenye maandishi matupu hasi iliyo pembeni ya kistari inapoteza umbo lake na kistari kinaonekana tu kimerefuka. Ndiyo maana naipandisha juu, na nilimwomba mwalimu ruhusa ya hilo pia.

Mstari wa ukaguzi

Chini ya kila mchoro naweka mstari mmoja ulionyooka wenye hesabu ile ile:

```
A^-1 = [[-3/2, 7/2], [-1, 2]]
```

Bano la nje linafunga matriksi nzima, la ndani linafunga safumlalo, na mkato unatenganisha safuwima. Mchoro ukivurugika kwa sababu yoyote, mwanafunzi bado ana kitu kizima cha kusoma. Mtu asiyeona anayesomewa na simu yake anauhitaji zaidi, maana simu husoma mstari kwa mstari: atasikia hasi tatu, saba, kisha vistari, kisha mbili, mbili, na hatajua ipi ni ya ipi. Na kwa mwenye kitochi anayepokea kwa meseji ya kawaida, mstari huu ndio pekee unaofaa. Huko mabano ya mraba na alama ya `^` kila moja inahesabiwa herufi mbili kati ya zile 160 za meseji moja, na herufi za vipande vya mabano makubwa zikiingia hata moja, meseji inashuka hadi herufi 70.

Kwenye mstari mmoja kistari cha sehemu hakipo tena, kwa hiyo kazi yake ya kufunga lazima ichukuliwe na mabano. Hapa watu wengi wanateleza. Chukua hii, iliyokuwa kwenye picha nyingine ya mwalimu huyo huyo:

```
 x + 3         2
-------  -  -------
   4         x - 1
```

Ukiinyoosha bila kufikiri utaandika `x + 3/4 - 2/x - 1`, ambayo ni hesabu nyingine kabisa. Sahihi ni hii:

```
(x + 3)/4 - 2/(x - 1)
```

Kiasi chenye alama ya kujumlisha au kutoa ndani yake kinafungwa, na asili yenye chochote zaidi ya namba moja au herufi moja inafungwa pia. Ukitaka kujihakikishia, weka namba mahali pa x. Kwa x = 5, mchoro unatoa 8/4 toa 2/4, sawa na 1.5. Mstari wa pili uliofungwa unatoa 1.5 hiyo hiyo. Ule wa kwanza usio na mabano unatoa 5 + 0.75 - 0.4 - 1, sawa na 4.35. Epuka kujaribu na 1, kwa sababu asili inakuwa sifuri.

Kuona kama mabano yamekamilika, pita kutoka kushoto ukihesabu: bano la kufungua ongeza moja, la kufunga punguza moja. Mwisho lazima ubaki na sifuri, na njiani usishuke chini ya sifuri. `2/(3(x - 1))` inakwenda moja, mbili, moja, sifuri. `2/(3(x - 1)` inaishia moja, kwa hiyo kuna mlango umeachwa wazi. Kuhesabu huku kunakuambia tu kwamba milango imefungwa. Kama umeifunga mahali pasipo pake, ile ya kuweka namba ndiyo itakayokufichulia.

Kutuma

WhatsApp kwa kawaida haitumii fonti ya upana sawa. Kuilazimisha, weka alama ya ` mara tatu kabla ya maandishi na mara tatu baada yake. Kwenye kibodi ya kompyuta iko juu kushoto, jirani na 1. Kwenye kibodi nyingi za simu iko ukurasa wa pili wa alama. Ndani ya alama hizo WhatsApp inaziacha nyota na vistari vyako kama ulivyoviandika, haivigeuzi kuwa maandishi mazito au orodha.

Mstari wa kwanza ndani ya alama hizo uwe na neno, kwa mfano `Swali 4`. Mstari wa kwanza ukiwa ni nafasi tupu tupu, ndio ulio hatarini kuliwa ukingo wake, na safumlalo ya juu ya matriksi itasogea kushoto peke yake.

Kabla ya kupeleka kwenye kundi najitumia mwenyewe na kuifungua kwenye simu, siyo kwenye kompyuta. Naangalia ukingo wa kulia tu. Mabano ya kufunga yakiwa yamesimama kama nguzo, naipeleka. Yakiwa yamepinda, narudi Notepad kusoma `Col`. Namba za `Col` zikilingana, kosa ni la fonti, maana yake zile alama tatu nimezisahau au moja imepungua. Zisipolingana, kosa ni la nafasi. Na bano likiwa limeshuka mstari wa chini peke yake, ni upana umezidi: kata baada ya alama ya sawa na uanze mstari mpya. Usikate ndani ya mabano hata siku moja.

Matriksi ya tatu kwa tatu yenye namba nzima inaingia kwenye simu bila shida, na haihitaji mstari mtupu wa kuongezwa maana ina mstari wa kati wake. Yenye sehemu ndani inafika mistari 11, na mara nyingi upana unaisha kabla. Hiyo siichori. Natuma mstari mmoja wa ukaguzi, na picha ya ubao niliyoikata ikabaki matriksi peke yake, kwa yule mwenye bando.